Haja Kubwa Isiyokwisha: Yanayomkuta Mama Baada ya Hedhi Kukoma

Wiki hii katika ukurasa wetu wa familia tunazungumzia jambo ambalo kina mama huambiana kwa kunong'ona, na wengi wao hawaambiani kabisa. Mama wa makamo ameingia chooni, amepata haja, amestanji na kutoka. Kabla hajamaliza kutawadha anahisi kuna kilichobaki. Anarudi, anajikamua, anapata kidogo au hapati kitu. Watoto wakigundua humwambia kuwa ni kufunga choo, wakamnunulia dawa ya kuharisha. Dawa humletea msokoto wa tumbo na kinyesi cha majimaji, lakini ile hisia ya mabaki haiondoki.

Ukweli ni kwamba kufunga choo ni jina moja linalobeba mambo mawili. La kwanza ni kinyesi kuchelewa njiani, kikakauka na kuwa vigumba, na mtu akakaa siku kadhaa bila kuhisi haja. Hilo watu wote wanalijua. La pili ni kinyesi kufika salama hadi mwisho wa utumbo mpana, mahali paitwapo puru, nacho ni laini, na haja ikamjia mama kila siku, ila kikifika mlangoni hakitoki chote. Katika hali hii ya pili utumbo hauna kosa. Tatizo liko kwenye nyonga, na dawa ya kuharisha haifiki huko.

Chini ya nyonga pana tabaka la misuli linalotandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, mfano wa machela. Wataalamu huliita sakafu ya nyonga. Juu yake kimelala kibofu, mfuko wa uzazi na puru, na njia za viungo hivyo hupenya katikati yake. Ukanda mmoja wa misuli hiyo huzunguka nyuma ya puru na kuivuta mbele, hata njia ikapinda kama kiwiko. Pindo hilo ndilo linalozuia kinyesi kisitoke mtu akiwa amesimama, anacheka au anakohoa. Wakati wa haja ukanda unapaswa kulegea ili njia inyooke. Kwa hiyo sakafu ya nyonga ina kazi mbili zinazopingana, kushika na kuachia, na mwanamke anaweza kupoteza moja au zote mbili.

Kati ya puru na uke hakuna mfupa. Pana ukuta tu wa nyama na nyuzinyuzi. Ukuta huo hunyooshwa sana wakati wa kujifungua, na mara nyingine huchanika kwa ndani bila mkunga kuona jeraha lolote. Mwanamke kijana huweza kuishi miaka mingi na ukuta uliolegea asijue, kwa sababu homoni ya estrojeni inaendelea kuilisha sehemu hiyo, na misuli inayouzunguka ina nguvu ya kufidia.

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma pale miezi 12 inapopita bila damu, na kwa wanawake wengi hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55. Estrojeni hushuka, ngozi ya uke huwa nyembamba na kavu, damu inayofika huko hupungua, na nyuzi zinazoshikilia ukuta hupoteza mnyumbuko wake. Juu ya hayo umri wenyewe hupunguza misuli, kama unavyopunguza ya mikono na mapaja. Hata hivyo, tusiitwishe hedhi mzigo wote. Chanzo mara nyingi ni uzazi wa miaka 30 iliyopita, kikazidishwa na kikohozi cha muda mrefu, uzito wa mwili, ndoo za maji na miaka ya kujikamua chooni. Kukoma kwa hedhi huondoa kile kilichokuwa kikiuficha udhaifu huo. Ndiyo maana hata asiyezaa anaweza kupatwa, ingawa si mara nyingi.

Ukuta ukishalegea, puru hutuna mbele kuelekea uke na kufanya mfuko. Madaktari huuita rektosili. Mama anapojikamua, nguvu inayopaswa kusukuma kinyesi chini hukisukuma mbele, ndani ya mfuko huo. Kadiri anavyokaza ndivyo mfuko unavyopanuka. Akiacha na kusimama, mfuko hunywea na kinyesi hurudi kwenye puru, naye huhisi haja upya. Si wasiwasi wake, wala hajitungii.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 58 aliyezaa watoto 6, hedhi yake ikiwa imekoma miaka 7 iliyopita. Hukaa chooni nusu saa kila asubuhi. Ikifika jioni, baada ya kazi za kutwa, huhisi uzito chini na kitu laini mfano wa yai kikitokeza ukeni, kisha hutoweka akilala. Tena ana siri: amegundua kwamba akibonyeza kwa kidole ukuta wa nyuma wa uke, au ile nyama iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, kinyesi hutoka. Hajamwambia mtu, hata mumewe, akidhani ni yeye peke yake afanyaye hivyo. Lakini hiyo ni alama ambayo daktari mzoefu huiulizia kwa makusudi, kwa kuwa huelekeza moja kwa moja kwenye mfuko. Kubonyeza huko hakuna madhara endapo kucha ni fupi na mikono imeoshwa kwa sabuni kabla na baada.

Mama huyu aanze kwa kuacha dawa kali za kuharisha. Kinyesi cha majimaji hujificha mfukoni kwa urahisi zaidi na huvuja baadaye. Kinachofaa ni kinyesi laini chenye umbo, na hicho hutokana na nyuzinyuzi za chakula: mboga za majani, maharage, papai, uji wa nafaka isiyokobolewa, au maganda ya isabgoli. Azidishe polepole kwa wiki kadhaa, pamoja na maji, kwani nyuzinyuzi bila maji huziba. Katika Ramadhani maji hayo ayagawe kati ya futari na daku, asiyanywe yote kwa mkupuo.

Kisha ni wakati na mkao. Utumbo mpana huamka baada ya kula, hasa asubuhi, hivyo nusu saa baada ya kifungua kinywa ndiyo saa nzuri ya kwenda, bila kungoja haja ipite. Choo cha kuchuchumaa kinasaidia kwa sababu mapaja yakipanda, lile pindo la puru hunyooka. Kwa mama ambaye magoti hayamruhusu tena, na nyumbani kuna choo cha kukalia, kigoda cha sentimita 20 hivi chini ya miguu huleta mkao unaokaribia huo: magoti juu ya nyonga, kiwiliwili kimeinama mbele, viwiko juu ya mapaja. Apumue nje taratibu huku tumbo likitanuka, asizuie pumzi. Zikipita dakika 10 bila matokeo ainuke, atembee, arudi haja ikimjia tena.

Na ndoo? Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Vijana wapo, waibebe wao.

Mazoezi ya sakafu ya nyonga yanafaa, ila yanahitaji maelezo. Mama akaze misuli kama anayezuia upepo usitoke, ahesabu hadi 5, kisha alegeze kabisa kwa muda kama huo. Arudie mara 10, mara 3 kwa siku. Makalio, mapaja na pumzi visishiriki. Matokeo huchukua miezi mitatu hivi, na wengi hukata tamaa katika mwezi wa kwanza. Asiyafanye kwa kukatiza mkojo kila anapokojoa, maana hilo huvuruga kibofu. Wapo pia ambao misuli yao haijalegea bali imezoea kukaza wakati inapopaswa kuachia. Dalili yake ni kwamba anapojaribu kutoa, huhisi mlango unafunga badala ya kufunguka. Huyo kukaza zaidi kutamdhuru. Anahitaji mtaalamu wa mazoezi ya viungo amfundishe kulegeza kwanza.

Daktari wa magonjwa ya wanawake huutambua mfuko kwa uchunguzi mfupi, na mama ana haki ya kumwomba daktari wa kike. Ataulizwa pia habari za mkojo, kwa kuwa udhaifu huu mara nyingi hushika mbele na nyuma. Krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni hurudisha unyevu na kuondoa mchubuko, lakini haiurudishi ukuta uliotuna, na anayeuza kwa ahadi hiyo anadanganya. Kuna pete laini inayovalishwa ndani kushikilia viungo, nayo huwafaa wasiotaka upasuaji, ingawa kwa uvimbe wa ukuta wa nyuma haifanikiwi kwa kila mtu. Upasuaji hushona ukuta na kuondoa uvimbe kwa wengi. Lakini uvimbe kuondoka si sawa na haja kutoka vizuri. Mwenye misuli isiyolegea atatoka hospitali na ukuta mpya na tatizo lilelile, na baadhi hupata maumivu katika tendo la ndoa. Kwa hiyo mgonjwa amwulize daktari wazi: je, mfuko ndio unaozuia haja yangu, au umeonekana tu?

Zipo dalili ambazo hazipaswi kungoja kigoda wala mazoezi. Damu kwenye kinyesi, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, au mabadiliko ya choo yaliyoanza karibuni kwa mtu aliyepita miaka 45, yote hayo yapimwe utumbo kwanza, kwani saratani inaweza kuanza hivyo. Damu ukeni baada ya hedhi kukoma nayo ichunguzwe bila kuchelewa.

Limebaki la twahara, ambalo kwa wengi ndilo linalouma zaidi. Kinyesi kilichobaki mfukoni huweza kuchuruzika kidogo saa moja baada ya kutoka chooni, na mama akajikuta anarudia udhu na kubadilisha nguo, au akaacha kwenda darsa na msikitini. Kabla ya kudhani kwamba misuli ya kuzuia imekufa, ajaribu kuumaliza mfuko: ainuke, atembee kidogo, arudi akae tena na kubonyeza kama tulivyoeleza, ndipo astanji. Kwa wengi uchafu huo hupungua. Unaoendelea bila kukoma, wanavyuoni wameuzungumzia katika mlango wa mwenye udhuru wa kudumu, na zipo tofauti baina ya madhehebu. Sheikh au ustadhati wa mtaani ataweza kumweleza, mradi aambiwe hali ilivyo: huvuja mara ngapi, na je, kuna wakati wa swala unaopita ukiwa mkavu?