Kutoka “Nilishuka” hadi “Alishuka”: Kuhamisha Hadithi Fupi Katika Nafsi ya Tatu

Hadithi iliyoandikwa katika nafsi ya kwanza husimuliwa na mtu aliyemo ndani yake. Yeye ndiye “ni-”, na wengine wote ni “a-”. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hapati taabu kujua nani kafanya nini: kiambishi kimoja kinamtenga msimulizi na watu wengine. Hadithi hiyo ikihamishiwa nafsi ya tatu, alama hiyo hutoweka. Msimulizi wa zamani naye anakuwa “a-” kama kaka yake, mwalimu wake na mpita njia, na Kiswahili hakina hata tofauti ya mwanamume na mwanamke katika kiambishi hicho ya kumsaidia msomaji. Hapo ndipo kazi ya kuhamisha inapoanza.

Mwaka 1922 Franz Kafka alianza kuandika kwa “mimi” riwaya yake kuhusu mpima ardhi anayefika katika kijiji kilicho chini ya kasri. Alipokwisha kusonga mbele alibadili mawazo, akarudi nyuma katika mswada na kukata neno la “mimi” kila lilipotokea, akaandika badala yake herufi K. Katika Kijerumani jambo hilo liliwezekana kwa wepesi, kwa sababu vitenzi vya wakati uliopita havibadiliki kati ya nafsi ya kwanza na ya tatu katika umoja. Kiswahili hakitoi nafasi hiyo. Nafsi imeshikamana na kitenzi chenyewe, mara nyingine mahali pawili katika neno moja, kwa hiyo karibu kila kitenzi kinachomhusu msimulizi lazima kiguswe. Wala kompyuta haiwezi kuamriwa ibadili “ni” zote kuwa “a”, maana silabi hiyo imo pia katika “nini”, “jikoni” na “mvua ni nyingi”.

Mfano mfupi utaonyesha mambo yanavyokwenda. Kijana anasimulia:

“Niliposhuka Korogwe mvua ilikuwa inanyesha. Kaka alikuwa ananisubiri kwenye kibanda cha mama ntilie. Alinipokea begi langu, akaniuliza kama nimekula. Nikamjibu kwamba nimeshiba. Uongo. Sijala tangu jana, lakini nitakulaje mbele yake, nami nimekula hela zote alizonitumia za ada? Labda ameshajua. Mbona ananitazama hivi? Mpaka leo nikipita stendi ile nageuza uso.”

Viambishi vikibadilishwa tu, bila kugusa kingine, matokeo ni haya:

“Aliposhuka Korogwe mvua ilikuwa inanyesha. Kaka alikuwa anamsubiri kwenye kibanda cha mama ntilie. Alimpokea begi lake, akamuuliza kama amekula. Akamjibu kwamba ameshiba. Uongo. Hajala tangu jana, lakini atakulaje mbele yake, naye amekula hela zote alizomtumia za ada? Labda ameshajua. Mbona anamtazama hivi? Mpaka leo akipita stendi ile anageuza uso.”

Sarufi haina kosa, lakini hadithi imevurugika. Begi ni la nani? Nani hajala tangu jana? Na hela zile, nani alimtumia nani? Msomaji aliyesoma toleo la kwanza anajua majibu. Msomaji mpya atakisia, na pengine atakisia vibaya.

Dawa ya kwanza ni jina. Katika nafsi ya kwanza kijana huyu hakuhitaji kuitwa chochote. Sasa anahitaji, na aitwe Shabani. Jina hilo lakini lisirundikwe kila sentensi. Mahali pake ni pale mtendaji anapobadilika: kaka anauliza, Shabani anajibu. Mtendaji akibaki yuleyule, kiambishi kinatosha. Majina ya ukoo nayo hubadilika. Kijana akisema “Kaka”, kila mtu anaelewa ni kaka wa nani. Msimulizi wa nje akisema hivyo, anaonekana kama naye ni mdogo wa mtu huyo, kwa hiyo atasema “kaka yake”. Hata hivyo neno “Kaka” lisifutwe kabisa, maana litafaa hadithi itakapoingia katika mawazo ya Shabani.

Vimilikishi mara nyingi vinaweza kuondolewa tu. Katika “alimpokea begi”, kiambishi “-m-” kimeshaeleza kwamba begi lilikuwa mkononi mwa anayepokewa. “Lake” ikiongezwa inaleta shaka badala ya kuiondoa.

Mtego mkubwa kuliko yote umejificha katika vitenzi vyenye urejeshi. “Mtu niliyemwona stendi” ni mtu aliyeonwa na msimulizi. Kikihamishwa kiambishi peke yake, kinapatikana “mtu aliyemwona stendi”, na wasomaji karibu wote wataelewa kwamba mtu huyo ndiye aliyeona. Mwenye kuona na mwenye kuonwa wamebadilishana nafasi bila mwandishi kutambua. Njia ya kutoka ni kumtaja mtendaji waziwazi: “mtu ambaye Shabani alimwona stendi”. Anayehariri mswada wa aina hii afanye mzunguko mmoja wa kusoma akitafuta kitu hiki tu, yaani kila kitenzi chenye “niliye-”, “niliyo-”, “alizoni-” na ndugu zake, kwa sababu jicho linalosoma kwa haraka hulipita kosa hili likidhani sentensi ni nzima.

Wingi una tatizo la aina nyingine. “Tulitembea hadi nyumbani” huwa “walitembea hadi nyumbani”, na hapo hakuna gharama. Lakini “kwetu hatuli kabla ya mgeni” ikigeuzwa “kwao hawali kabla ya mgeni”, msimulizi amehama kijiji. Alikuwa mmoja wao, sasa ni mtu wa nje anayeeleza desturi za wengine. Pengine mwandishi anautaka umbali huo. Kama hautaki, sentensi hiyo ni bora iwekwe kinywani mwa mhusika, au iandikwe bila kumtaja mwenyeji: “mgeni hatanguliwi na mtu katika kula”.

Katika nyakati, hofu ya waandishi wengi ni kubwa kuliko tatizo lenyewe. Wengi waliofundishwa shuleni kanuni za usemi wa taarifa katika Kiingereza hudhani kwamba kila kitenzi kilicho chini ya kitenzi cha wakati uliopita lazima nacho kirudishwe nyuma. Kiswahili hakidai hivyo. “Akamuuliza kama amekula” ni sahihi, kwa sababu “-me-” hupimwa kutoka wakati wa kuulizwa, si wakati wa kusimuliwa. Vivyo hivyo “alijua kwamba mama yuko jikoni”. Kuandika “akamuuliza kama alikuwa amekula” kila mara kunaifanya hadithi iwe nzito kama ripoti ya polisi. “-Ka-” ya mfululizo nayo inahama bila shida yoyote. Wa kuangaliwa ni “hu-” ya mazoea, ambayo haibebi nafsi: “huamka alfajiri” katika simulizi ya “mimi” inaeleweka kutokana na mazingira, lakini katika nafsi ya tatu inahitaji jina mbele yake.

Tatizo halisi la wakati liko katika sentensi ya mwisho ya mfano. Msimulizi wa nafsi ya kwanza ni watu wawili katika mwili mmoja: kijana aliyeshuka basi, na mtu mzima anayekumbuka. “Mpaka leo” ni sauti ya yule wa pili. Hadithi ikihamia nafsi ya tatu na kumfuata Shabani pale stendi, mtu mzima huyo hayupo tena, na “leo” yake haina mwenyewe. Mwandishi ana njia mbili. Anaweza kukata sentensi, au kuandika “miaka mingi baadaye, kila alipopita stendi ile, Shabani aligeuza uso”. Njia ya pili ina bei yake. Imemwingiza msimulizi anayejua yatakayokuja, na msimulizi wa namna hiyo hawezi kutokea mara moja tu kisha akapotea. Katika hadithi fupi inayotegemea wasiwasi wa saa moja, kukata ndiko kunakofaa zaidi. Maneno kama “sasa naelewa”, “sikujua wakati ule kwamba” na “ningejua” yote yachunguzwe kwa kipimo hicho.

Yanabaki mawazo ya ndani, na hapa ndipo hadithi hupona au hufa. Yapo maumbo matatu. La kwanza ni taarifa: “Shabani alijiuliza kama kaka yake ameshajua.” La pili ni usemi halisi: “Labda ameshajua,” alijisemea. La tatu huacha wazo lisimame peke yake katikati ya masimulizi, bila “alifikiri” wala alama za mtajo: “Labda Kaka ameshajua.” Nafsi ni ya tatu, lakini maneno ni ya Shabani. Umbo la tatu ndilo linalookoa ukaribu uliokuwapo katika nafsi ya kwanza. Mswada uliohamishwa kwa woga hujulikana kwa wingi wa “alihisi”, “aliona”, “alifikiri” na “alijiuliza”. Nyingi kati ya hizo zinaweza kufutwa na sentensi ikabaki na nguvu zaidi. Taarifa itumike pale wazo linapohitaji kufupishwa tu.

Mfano wetu ukirekebishwa kwa njia hizo, unasomeka hivi:

“Shabani aliposhuka Korogwe mvua ilikuwa inanyesha. Kaka yake alikuwa anamsubiri kwenye kibanda cha mama ntilie. Alimpokea begi, akamuuliza kama amekula. Shabani akajibu kwamba ameshiba. Uongo. Hajala tangu jana, lakini atakulaje mbele ya Kaka, na hela za ada kazila zote? Labda Kaka ameshajua. Mbona anamtazama hivi?”

Mpaka “ameshiba” anasema msimulizi. Baada ya hapo kichwa cha Shabani kimefunguka. Ndiyo maana “kaka yake” imekuwa “Kaka”, “jana” haikuwa “jana yake”, na “amezila” imekuwa “kazila” ya mazungumzo. Neno “uongo” ndilo mlango: katika nafsi ya kwanza lilikuwa ungamo, na hapa lingeweza kusikika kama hukumu ya msimulizi, ila mawazo yanayolifuata mara moja yanalirudisha kwa Shabani mwenyewe. Neno hilo lingeachwa peke yake mwishoni mwa aya, hukumu ndiyo ingesikika.

Hatari ya mwisho ni kuvuja kwa mtazamo. Mwandishi aliyeachwa huru na “mimi” hushawishika kusema asichoweza Shabani kukijua: kwamba uso wake ulipauka, au kwamba kaka aliamua kunyamaza kwa huruma. Mhakiki Mfaransa Roland Barthes alieleza mwaka 1966 jaribio linalofaa hapa: kifungu cha nafsi ya tatu kirudishwe kwenye “mimi”. Sentensi zinazorudi bila kuharibika ni za mhusika. “Kaka yangu aliamua kunyamaza kwa huruma” hairudi vizuri, kwa kuwa kijana hawezi kuapa juu ya uamuzi uliofanyika kichwani mwa mwingine. Mwandishi akitaka huruma hiyo ionekane, aiweke pale ambapo Shabani anaweza kuiona: kaka anaagiza sahani mbili za wali maharage, anaisogeza moja upande wa pili wa meza, na haulizi tena.