Simba ya Kabla ya Simba

Ukifungua gazeti la mwaka 1965 kutafuta bingwa wa kwanza wa ligi ya taifa ya Tanzania, jina la Simba hulioni. Utakuta Sunderland. Klabu ni ile ile ya Mtaa wa Msimbazi, lakini jina la Simba lilikuja mwaka 1971. Kabla ya hapo, kwa historia inayosimuliwa na klabu yenyewe, ilizaliwa mwaka 1936 ikiitwa Queens, ikawa Eagles, kisha Sunderland. Kwa hiyo anayeandika historia ya klabu kongwe huanza na orodha ya majina yote iliyowahi kuitwa, ndipo aende maktaba. Asipofanya hivyo atapekua majalada wiki nzima na kutoka mikono mitupu, aseme magazeti hayakuiandika.

Orodha hiyo pia hufichua picha zenye maelezo ya uongo. Picha iliyoandikwa "Simba, 1958" huenda ni ya kweli kabisa, ila maneno yake yameandikwa baada ya 1971. Igeuze uone nyuma kuna mhuri au mwandiko gani, na swali la mwaka ulianzie upya.

Kazi ngumu ni ule mwaka 1936. Nani anaweza kuushuhudia? Gazeti la Kwetu la Erica Fiah lilianza kutoka mwaka 1937, basi haliwezi kuwa shahidi wa uzazi huo, hata likiutaja. Mambo Leo lilikuwepo tangu 1923, lakini lilitoka mara moja kwa mwezi, kwa hiyo jambo la mwezi fulani litafute pia katika matoleo ya miezi miwili mitatu inayofuata, hasa kwenye habari za miji na barua za wasomaji. Tanganyika Standard lilikuwepo tangu 1930, ila lilikuwa gazeti la Kiingereza lililowalenga zaidi wasomaji wa Kizungu. Likinyamaza kuhusu vijana wa Kariakoo, usiuchukue ukimya huo kuwa ushahidi kwamba hawakuwa na timu. Linachoweza kukupa ni kikomo: siku jina la klabu linapochapishwa kwa mara ya kwanza, unajua kwamba kufikia siku hiyo ilikwisha kuwepo.

Karatasi za serikali nazo zina mtego wao. Sheria ya vyama ya Tanganyika ilikuja mwaka 1954, na vyama vingi vilivyokuwa vikiishi miaka mingi vikaandikishwa chini yake. Tarehe ya cheti ni siku ya kuandikishwa. Ukiiweka kama siku ya kuzaliwa, umeifuta klabu miaka yake yote ya mwanzo.

Sasa wazee. Fanya hesabu kwanza: aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1936 alizaliwa 1921. Wazee tulio nao leo wanaweza kushuhudia mabadiliko ya 1971, lakini ya 1936 waliyasikia kwa waliowatangulia. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mzee liwe, "Mzee wangu, hili ulikuwepo au uliambiwa?" Akijibu kwamba aliambiwa, muulize na nani. Mara nyingi utagundua kwamba wazee wanne wanaokubaliana wote walimsikia mtu mmoja. Hapo una shahidi mmoja, si wanne. Makala za gazeti za maadhimisho ni vivyo hivyo, kwani nyingi zimenakili kijitabu cha klabu yenyewe.

Mhoji kila mzee peke yake, na usimwonyeshe kipande cha gazeti kabla hajasema yake, maana akikiona ataanza kukumbuka gazeti. Mwaka asikupe kwa namba. Muulize ilikuwa kabla au baada ya mgomo wa makuli wa 1947, au Uhuru wa 1961. Akitaja Ramadhani, tumia kalenda: mfungo husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, na mwaka 1964 ulianza katikati ya Januari, siku chache baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kumbukumbu ya namna hiyo unaweza kuipima.

Kisha nenda Jangwani. Yanga, iliyoanzishwa 1935, ina simulizi yake kuhusu jinsi watani walivyoanza, na hailingani kila mahali na ya Msimbazi. Ziandike zote mbili, useme ipi ni ya nani.

Hata jina la Sunderland linashawishi. Sunderland ya Uingereza ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1936 na Kombe la FA mwaka 1937, na mtu hutamani kuandika kwamba vijana wa Dar waliliiga kwa sababu hiyo. Huenda. Lakini bila mzee aliyekuwepo au gazeti la wakati ule kusema hivyo, sentensi hiyo iandikwe kama dhana au iachwe. Mwaka 1936 nao uandikwe vivyo hivyo: "kwa mujibu wa klabu". Mwaka 1971 unaweza kuandikwa bila kuongeza neno, ukiwa na tarehe ya gazeti na namba ya ukurasa mkononi.