Muliro Alikuwa Ford Gani?

Mjini Kakamega jina la Masinde Muliro limo kwenye bustani na kwenye chuo kikuu. Ukiuliza alikuwa wa chama gani, mmoja atakwambia KADU, mwingine KANU, wa tatu Ford-Kenya. Wawili wa kwanza wanasema kweli. Wa tatu anakosea, na kosa lake ndilo la kawaida katika kazi hii ya kujaza jedwali la wanasiasa na vyama vyao: kumvisha mtu wa jana kofia ya leo.

Jibu halipatikani bila tarehe. Mwaka 1959 Muliro aliongoza Kenya National Party, na mwaka uliofuata akawa naibu wa Ronald Ngala katika KADU. Novemba 1964 KADU ilijivunja na kuingia KANU. Hapa tuseme Muliro alihama? Nasita. Chama chenyewe ndicho kilichohama, naye akiwa ndani yake, na hilo si sawa na kumwacha mwenzako njiani.

Miaka iliyofuata inadanganya zaidi. Tangu KPU ilipopigwa marufuku mwaka 1969, mwanasiasa aliyetaka kiti cha ubunge hakuwa na mlango mwingine ila KANU, kwa hiyo kadi ya chama inatuambia machache sana kuhusu msimamo wa mtu. Mwaka 1975 Muliro, akiwa waziri, alipiga kura kinyume na serikali kuhusu ripoti ya mauaji ya J. M. Kariuki. Alipoteza uwaziri, lakini akabaki KANU. Ukipima kwa kura utamwita mpinzani. Ukipima kwa kadi, mwana-KANU. Andika yote mawili, usichanganye safu.

Agosti 1991 alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD pamoja na Jaramogi Oginga Odinga na Martin Shikuku wa Butere. Wakati huo FORD ilikuwa kundi la shinikizo tu, maana kifungu cha 2A cha katiba kilikataza vyama vingine hadi kilipofutwa Desemba.

Halafu tunafika kwenye mtego. Baadaye FORD iligawanyika: Odinga akaongoza Ford-Kenya, Kenneth Matiba Ford-Asili, na Shikuku akamfuata Matiba. Kwa kuwa Ford-Kenya ilishika mizizi Bungoma na Trans Nzoia, nyumbani kwa Muliro, watu humweka humo bila kufikiri. Wengine, wakimwona na Shikuku kwenye picha za 1991, humweka Asili. Tazama kalenda: Muliro alifariki tarehe 14 Agosti 1992, alipotua uwanja wa ndege wa Nairobi akitoka London. Vyama hivyo viwili vilisajiliwa Oktoba.

Kwa hiyo mstari wa mwisho kwenye jedwali lake usomeke hivi: FORD, 1991 hadi kifo. Bila Kenya, bila Asili.