Mkondo A na Mkondo B

Tuseme shule ina mikondo miwili ya Darasa la Tano. Mwalimu anataka kujua kama wanafunzi wataelewa zaidi kujumlisha sehemu wakikunja na kukata karatasi kuliko wakifuata kanuni ubaoni. Hawezi kuwachanganya watoto na kuwagawa upya kwa kura, maana ratiba imeshapangwa. Anachukua mikondo kama ilivyo: A itumie karatasi, B ibaki na ubao. Utafiti wa namna hii huitwa nusu-jaribio, na mwaka 1963 Donald Campbell na Julian Stanley walieleza kwa kina mitego yake.

Kwa kuwa hakuna kura, mikondo inaweza kuwa tofauti tangu mwanzo. Ndiyo sababu mtihani wa awali ni wa lazima. Uwe na maswali yanayofichua kosa lenyewe, kama 1/2 + 1/3, ambalo mtoto asiyeelewa hujibu 2/5 kwa kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Mtihani wa mwisho upime mambo yaleyale kwa namba nyingine, na msahihishaji asijue karatasi imetoka mkondo upi.

Sasa tuangalie matokeo ya mfano, alama zikiwa juu ya 20. Mtihani wa awali: A wastani 6, B wastani 8. Mwisho: A 12, B 13. Ukitazama mwisho peke yake, ubao umeshinda. Ukitazama ongezeko, karatasi zimeshinda, 6 kwa 5.

Usikimbilie kuandika ripoti. Huenda A walifanya mtihani wa awali siku mbaya, mvua ikipiga bati hadi maelekezo hayasikiki. Darasa lililoshuka kwa bahati mbaya hupanda lenyewe safari inayofuata, hata lisipofundishwa. Dawa yake ni mtihani wa awali mara mbili, wiki mbili zikipita katikati bila mada hiyo kuguswa. Tuseme mara ya pili A wanapata 8, na B wanabaki 8. Ongezeko halisi la A ni 4, la B ni 5. Ushindi umehama.

Kinachonisumbua zaidi ni mwalimu. Kila mkondo ukiwa na mwalimu wake, hatuwezi kutenganisha mbinu na mtu: labda wa B ana subira tu. Akifundisha mmoja kote, huenda bila kukusudia akaichangamkia mbinu anayoipenda. Napendelea mwalimu mmoja, kisha mada inayofuata, desimali, mikondo ibadilishane mbinu. Mbinu ikishinda kote kuwili, ushahidi unapata uzito. Ikiwa B ndiyo inayoshinda mara zote mbili, tulichopima ni darasa, si mbinu.

Hata hivyo, watoto 80 katika mikondo miwili si majaribio 80. Kila mbinu imejaribiwa katika darasa moja kwa wakati mmoja.