Dari Inapovuja Mara ya Nne

Jirani yangu wa Kinondoni alinionesha barua pepe aliyotaka kumtumia msimamizi wa jengo lao. Ilisomeka hivi:

"Habari. Dari ya bafuni inavuja TENA. Nimeshasema mara nyingi na hakuna anayejali. Kodi mnakula tu. Msiporekebisha, silipi."

Nikamwambia, "Dada, hasira yako ni halali, lakini akiisoma hii atafanya nini kesho asubuhi?" Akanyamaza. "Mara nyingi" haina tarehe. Tishio la kodi nalo lilikuwa butu, maana alishalipa miezi sita mbele. Hata kama asingelipa, kuzuia kodi kungempa msimamizi hoja ya kwamba mpangaji ndiye aliyevunja mkataba. Sentensi hiyo tuliifuta kwanza.

Tarehe alidhani hana. Zilikuwamo kwenye simu yake: simu alizopiga, ujumbe wa wasap, picha za dari. Tulipozipanga, hadithi ikajitokeza yenyewe. Kila fundi aliyekuja alitibu alama ya maji, wala si maji. Wa kwanza alipaka rangi, wa pili akajaza silikoni, wa tatu akabadilisha jipsamu.

Basi, maji yanatoka wapi? Bomba linaloleta maji huwa na msukumo muda wote, kwa hiyo likipasuka huvuja usiku na mchana, hata wa juu wakiwa safarini. Bomba la maji taka huvuja pale tu maji yanapopita. Kwake matone yalianza familia ya juu ikioga, kisha yakakoma. Lakini hata maji yanayopenya kati ya vigae huja wakati huohuo. Ili kutofautisha, jirani wa juu alikubali kumwaga ndoo moja polepole ndani ya tundu la maji taka, sakafu ikiwa kavu. Dakika chache baadaye, dari ya chini ikaanza kudondosha.

Barua mpya ikawa hii:

"Kichwa: Dari ya bafu kuvuja mara ya nne, nyumba namba 7: ombi la matengenezo kufikia 15 Agosti 2025

Ndugu Msimamizi,

Habari za kazi. Dari ya bafu langu imevuja mara nne mwaka huu:

11 Machi: nilikupigia simu. Fundi alipaka rangi tarehe 13.
29 Aprili: ilivuja tena. Fundi alijaza silikoni kwenye vigae vya bafu la juu.
17 Juni: ilivuja tena. Jipsamu ilibadilishwa.
2 Agosti: imevuja tena, safari hii karibu na taa. Nimeacha kuiwasha.

Jana, 3 Agosti, kwa ridhaa ya jirani wa juu, tulimwaga ndoo ya maji kwenye tundu la maji taka bila kulowesha sakafu. Matone yalianza baada ya dakika chache.

Naomba fundi bomba akague bafu zote mbili kufikia Alhamisi, 7 Agosti, na chanzo kirekebishwe kufikia Ijumaa, 15 Agosti, kabla ya kupaka rangi. Nipo nyumbani kuanzia saa 11 jioni. Tafadhali nijibu kwa barua pepe kufikia Jumatano, 6 Agosti. Picha nimeambatisha."

Ona kwamba hakuandika "bomba limepasuka". Aliandika alichokiona, akamwachia fundi uamuzi. Angebashiri vibaya, mjadala ungehamia kwenye kosa lake. Ukaguzi mwanzoni aliuweka tarehe 8, nikamkumbusha kwamba ni Nane Nane na ofisi zitafungwa. Ukiweka siku isiyowezekana, umempa mwenzako kisingizio.

Aliniuliza kama ataje sheria. Ipo: kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinambebesha mpangishaji wa sehemu ya jengo wajibu wa kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu na mifumo inayotumiwa kwa pamoja. Tuliiacha kwa barua ya pili, ikihitajika. Ya kwanza ilikuwa ya kumleta fundi, na mtu anayesomewa sheria mapema hukimbilia kujitetea. Mkataba wake wa kupanga, hata hivyo, tuliusoma kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, tuone unasemaje kuhusu matengenezo.

Msimamizi alijibu siku ya pili. Fundi alipofungua dari alikuta kiungio cha bomba la maji taka kimeachia, akakibadilisha, kisha wakarudia jaribio la ndoo. Dari ilibaki kavu. Rangi ilipakwa wiki mbili baadaye, jipsamu ilipokauka.