Kura za Maharamia na Mgawo wa Dhahabu: Hoja ya Kuanzia Mwisho

Maharamia watano, A, B, C, D na E, wanagawana sarafu 100 za dhahabu. A, aliye mkubwa kwa cheo, hupendekeza mgawo na wote hupiga kura, yeye akiwamo. Nusu ya kura ikiunga mkono, mgawo hupita; isipofika nusu, mpendekezaji hutoswa baharini na anayemfuata hushika zamu. Kila mmoja hutanguliza uhai wake, kisha dhahabu, na pale ambapo faida ni sawa hupendelea kumtosa mwenzake.

Anayeanza na A hukwama, kwa kuwa thamani ya kura ya kila haramia inategemea atakachopata baada ya A kutoswa. Hivyo hesabu huanzia kwa wawili wa mwisho. Wakibaki D na E, kura ya D peke yake ni nusu; D huchukua 100 na E hukosa. Wakibaki watatu, C anajua kwamba E anakabiliwa na sifuri, na sarafu 1 inatosha kumnunua: C 99, E 1. Wakiwa wanne, anayekabiliwa na sifuri ni D, naye hupewa 1 na B. Kumpa E sarafu 1 kusingefaa, maana angeipata hata kwa C na juu yake kumwona B akitoswa. Kwa watano, A huhitaji kura mbili zaidi ya yake: C na E hupewa 1 kila mmoja, naye A hubaki na 98.

Matokeo haya yamefungwa na kanuni ya nusu. Ikidaiwa zaidi ya nusu, E humtosa D kwa kura yake tu. Hivyo D humuunga mkono C bure ili aokoe uhai, na mnyororo mzima hubadilika.

Kikwazo kikubwa zaidi kimo katika dhana ya kwamba sarafu 1 humtosha mtu. Frank Marlowe aliwapa Wahadzabe, kandokando ya Ziwa Eyasi, mchezo wa hatua moja: mmoja hupendekeza mgawo, mwenzake akikataa wote hukosa. Kwa hesabu ya maharamia, sehemu ndogo kabisa ingetolewa na kukubaliwa. Wapendekezaji walitoa kwa wastani takribani theluthi moja, na hata hivyo baadhi ya matoleo yalikataliwa.

Tuseme wakulima watano wa Kasulu wanagawana magunia 100 ya maharage kwa kanuni hiyohiyo, anayeshindwa akitolewa kikundini mikono mitupu. Wa tano akipewa gunia 1, hana sababu ya kulinganisha na sifuri tu. Msimu ujao watalima tena pamoja, na kukataa kwake leo huwaonya wapendekezaji wa kesho. Hapo hakuna wawili wa mwisho wanaojulikana, wala mahali pa kuanzia hesabu.