Katoni Ngapi Zinaingia? Kusoma Kontena kwa Picha (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza iliishia mlangoni mwa kontena, kwenye maandishi ambayo wengi huyapita bila kuyatazama. Sasa mlango umefunguliwa na picha imetumwa kwa simu kutoka Guangzhou hadi Kariakoo. Ndani zinaonekana katoni za chupa za chai zimepangwa hadi karibu na dari, na orodha ya mzigo inasema ziko 600. Mwenye mali yuko Dar es Salaam na kiasi cha mwisho cha malipo hakijatumwa. Je, idadi hiyo inawezekana?

Mfano huu umeundwa kwa ajili ya makala haya, lakini vipimo vyake ni vya kawaida kabisa. Lebo ya katoni inasomeka hivi: QTY: 12 PCS, G.W.: 14 KGS, MEAS: 58 x 42 x 47 CM. Maana yake ni chupa 12 ndani, kilo 14 pamoja na katoni yenyewe, urefu sentimita 58, upana 42 na kimo 47. Pembeni kuna mishale miwili inayoelekea juu. Kwenye mlango wa kontena imeandikwa 45G1. Tarakimu ya 4 ni urefu wa futi 40, ya 5 ni kimo cha futi tisa na nusu, na G1 ni kontena la kawaida la mizigo mikavu. Kwa ndani, kontena la namna hiyo lina urefu wa takriban sentimita 1,203, upana 235 na kimo 269.

Njia ambayo wengi huikimbilia ni kugawanya ujazo kwa ujazo. Kontena lina mita za ujazo 76 hivi, katoni moja ina 0.1145, na jibu ni katoni 664. Kwa hesabu hiyo, 600 inaonekana ni idadi ya kiasi, hata nafasi imebaki. Tatizo ni kwamba mgawanyo huo unaichukulia mali kama maji yanayomiminwa hadi kila pembe ikajaa. Katoni haikatwi. Ikibaki nafasi ya sentimita 34 chini ya dari, na katoni ina kimo cha 47, nafasi hiyo ni hewa tu, hata kama imetandaa juu ya kontena zima.

Kwa hiyo hesabu hufanywa upande kwa upande, na baada ya kila mgawanyo mabaki hutupwa. Tuanze na kimo: 269 kwa 47 ni tano, mabaki 34. Hivyo ni matabaka matano. Kisha sakafu, ambayo ina njia mbili. Urefu wa katoni ukielekezwa kwenye urefu wa kontena, zinaingia 20 kwenda ndani na tano kukata upana, yaani 100 kwa tabaka. Zikigeuzwa, ule upande wa 58 ukakata upana wa kontena, zinaingia nne kwa upana na 28 kwenda ndani, yaani 112. Njia ya pili ndiyo bora, na mara matabaka matano inatoa katoni 560.

Hapa kuna jambo la kuwafaa wanaokodi kontena. Lile la futi 40 la kimo cha kawaida, 42G1, lina sentimita 239 ndani. Gawa kwa 47: matabaka bado ni matano. Kwa katoni hii, kimo cha ziada hakiongezi tabaka hata moja. Shida pekee ni kwamba mlango wa 42G1 una kimo cha 228 hivi, ilhali tabaka la tano linafika 235, kwa hiyo katoni nne za juu kwenye safu ya mwisho huenda zisipite. Mbali na hizo nne, aliyelipia kontena refu amelipia hewa.

Basi 600 imetoka wapi? Haikubuniwa. Laza katoni ubavuni, kimo kiwe 42 badala ya 47, na matabaka yanakuwa sita. Sakafuni zinakaa nne kwa upana na 25 kwenda ndani, yaani 100. Mara sita ni 600 kamili. Mpakiaji anaweza kweli kuzifikisha hapo, ila kwa kuipuuza mishale. Na mishale ina sababu. Mawimbi ya karatasi ndani ya kuta za katoni kwa kawaida husimama wima, na hayo ndiyo yanayobeba uzito wa katoni za juu. Ukiilaza, mawimbi yanalala, na katoni ya chini kabisa, yenye tano juu yake, yaani kilo 70, huanza kubonyea safarini.

Picha ndiyo inayoamua kati ya 560 na 600, na hii ndiyo sehemu inayotaka jicho. Hesabu katoni za mbele tu: nne kwa tano ni 20, nne kwa sita ni 24. Halafu tazama uso mmoja kwa karibu. Katoni iliyosimama inaonyesha ubavu, wenye lebo na mishale inayoelekea juu. Iliyolazwa kwa mpango huo wa 600 inaonyesha mfuniko au kitako, na utepe wa gundi unapita katikati ya uso. Ukiuona utepe umekutazama kwenye kila katoni, mzigo umelazwa. Usipime kwa sentimita juu ya picha iliyopigwa kutoka pembeni, kwa kuwa inapotosha. Linganisha upana na kimo cha katoni moja iliyo katikati.

Kina ndicho ambacho picha ya mlangoni haiwezi kukithibitisha. Safu 28 za sentimita 42 ni 1,176, hivyo karibu na mlango inabaki nafasi ya 27. Nafasi hiyo ikifika 70 hivi, safu moja haipo, na katoni 20 zimepungua. Lakini pengo lililofichwa katikati halionekani kutoka mbele. Ndiyo maana picha moja haitoshi: inahitajika ya kontena likiwa tupu, likiwa nusu na likiwa limejaa, zote zikiwa na namba ileile ya kontena.

Kuna pia suala la kuvimba. Katoni iliyojazwa sana hutuna, na hapa upana una ziada ya sentimita tatu tu. Kila katoni ikitanuka kwa sentimita moja, nne zinahitaji 236 na kontena lina 235. Mpango wa 112 umekufa. Mpakiaji mzoefu atachanganya: mstari mmoja wa katoni 27 zilizokata upana, na minne ya 20 zilizoelekea ndani, jumla 107. Mara tano ni 535. Katoni 25 zimepotea kwa sentimita moja, bila mtu kuiba.

Uzito haukuwa kikwazo, maana katoni 560 ni kilo 7,840 tu. Kwa vigae ingekuwa kinyume, uzito ungefika kikomo huku nusu ya kontena ikiwa wazi.

Mwenye mali wetu, basi, kabla hajatuma fedha, aombe picha ya nusu ya kontena na picha ya karibu ya katoni moja ya mbele. Kama mishale inaelekea juu na mbele zipo 20, alipie zisizozidi 560 na adai orodha isahihishwe. Sehemu ijayo itashughulikia kontena la kuchangia, lenye katoni za vipimo tofauti.